Kiungo cha bajeti katika barua pepe ya Kifaransa: nani asome, nani atoe maoni, nani abadilishe

*"Mtaalamu, niko Kigoma, naratibu mradi mdogo wa vichanja vya kuanikia dagaa pamoja na wenzetu wa Uvira, Kalemie na Bujumbura. Nilituma kiungo cha jedwali la bajeti la Google Sheets kwa watu sita, kwa barua pepe moja ya Kifaransa. Niliandika: « Veuillez trouver ci-joint le budget, vous pouvez l'éditer. » Wanne wakakutana na ukurasa wa « Demander l'accès », mmoja akajibu kwamba haoni kiambatisho. Kwa haraka nikafungulia kila mwenye kiungo aweze kuhariri. Asubuhi yake safu ya bei haipo, na historia haionyeshi jina la aliyeifuta. Je, tatizo ni lile neno edit mwishoni mwa kiungo? Na niandikeje ili kila mmoja ajue anaruhusiwa nini bila kumkwaza?"*

Ndugu yangu, pole. Kabla ya kufika kwenye Kifaransa, tuokoe bei zako, maana hazijapotea. Fungua jedwali kwenye kompyuta, si kwenye simu. Vitufe nitavitaja kwa majina yake ya Kifaransa kwa sababu ndiyo wanayoyaona wenzako wa ng'ambo ya ziwa. Kama skrini yako iko katika lugha nyingine, mahali pake ni pale pale. Nenda « Fichier », kisha « Historique des versions », kisha « Afficher l'historique des versions ». Upande wa kulia zitatokea tarehe na saa. Bofya moja baada ya nyingine ukirudi nyuma mpaka uione safu ya bei imekaa mahali pake.

Hapo jiulize swali moja: tangu safu ile ifutwe, kuna mtu amefanya kazi ya maana kwenye jedwali? Kama hakuna, bonyeza « Restaurer cette version » na mambo yameisha. Kama ipo, usirudishe jedwali zima, kwa sababu kazi ile mpya itatoweka mbele ya macho ya wote na utapigiwa simu za malalamiko. Badala yake tengeneza nakala ya toleo lile la zamani kama faili jipya, nakili safu ya bei kutoka humo, uibandike kwenye jedwali la sasa. Ukikosea pia usihofu: kurudisha toleo la zamani hakufuti matoleo yaliyofuata. Yote hubaki kwenye historia na unaweza kurudi tena mbele.

Bei zikisharudi, funga mlango uliofungua. Bonyeza « Partager », tazama sehemu ya chini iliyoandikwa « Accès général », na mahali palipo na « Tous les utilisateurs disposant du lien » parudishe kwenye « Limité ». Kuanzia hapo kiungo kile ulichokisambaza hakimfungulii tena mtu ambaye hujamwandika kwa anwani yake. Aliyekwisha kupakua nakala, hiyo nakala ni yake. Huwezi kuivuta kutoka mikononi mwake. Lakini jedwali lenyewe limerudi kwako.

Sasa swali lako la neno edit. Hapana, halina kosa. Kiungo ni anwani ya nyumba, si ufunguo wake. Maneno yaliyo mwishoni mwa kiungo, liwe `/edit` au `/edit?usp=sharing`, yanauambia mtandao ufungue ukurasa gani, lakini hayampi mtu haki yoyote. Mtu ambaye haki yake ni kusoma tu akibofya kiungo chenye `/edit`, atasoma tu. Ukilifuta neno hilo, mwenye haki ya kuhariri ataendelea kuhariri vilevile. Kwa hiyo acha kiungo kama kilivyotoka kwenye kitufe cha « Copier le lien ». Ukianza kukikatakata unaweza kukiharibu bure.

Haki zinakaa kwingine kabisa, ndani ya kile kidirisha cha « Partager », na zimepangwa katika tabaka mbili. La juu ni orodha ya watu, mmoja mmoja, kila mtu na anwani yake ya barua pepe na cheo chake. La chini ni ule ufikiaji wa jumla, unaoamua yatakayompata mtu yeyote mwenye kiungo asiyekuwemo kwenye orodha. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tabaka hizi zikipishana, mtu hupata ile haki iliyo kubwa zaidi. Ukimwandika, tuseme, mkurugenzi wa Bujumbura kuwa msomaji, kisha chini ukamwachia kila mwenye kiungo kuhariri, mkurugenzi naye anahariri. Huwezi kumpunguzia mtu kwa jina kile ulichokwisha kuwapa watu wote.

Kinyume chake ndicho kilichowakuta wale wanne. Jedwali lilikuwa « Limité », majina yao hayakuwa kwenye orodha, na barua yako iliwaambia wahariri. Barua pepe haibadilishi chochote kwenye jedwali. Ungeandika « lecture seule » kwa herufi kubwa na wino mwekundu, aliyepewa haki ya kuhariri bado angehariri; na ungeandika « vous pouvez modifier » mara kumi, asiye kwenye orodha bado angekwama mlangoni. Maneno yako yanaeleza tu mpangilio uliokwisha kuuweka. Kwa hiyo panga kwanza, andika baadaye.

Na kwa nini historia haina jina? Kwa sababu ulipomruhusu kila mwenye kiungo kuhariri, uliruhusu watu waingie bila hata kufungua akaunti. Mtu wa namna hiyo huonekana juu ya jedwali kama mnyama asiye na jina, na mabadiliko yake huandikwa kwenye historia kuwa ya mtu asiyejulikana. Inawezekana kabisa ni mmoja wa wale sita aliyeshika simu kwenye daladala na kidole kikateleza. Inawezekana pia ni mtu wa saba aliyepelekewa barua yako. Usipoteze muda kumtafuta, na nakusihi usiwaandikie wote kuuliza nani amefuta. Hakuna atakayejua kama ni yeye.

Tuje kwenye vyeo vitatu. « Lecteur » anasoma tu. « Commentateur » anasoma na kuacha maoni pembeni. « Éditeur » anabadilisha kila kitu na, usipomzuia, anaweza kuwaalika watu wengine na kubadilisha haki zao. Hilo la mwisho huzimwa kwenye alama ya gurudumu la mipangilio iliyo juu ya kidirisha cha « Partager ». Kwa bajeti, lizime. Hapo hapo kuna kisanduku cha kuwazuia wasomaji na watoa maoni kupakua, kuchapisha na kunakili. Kinasaidia kidogo, ila mtu mwenye simu anaweza kupiga picha skrini, kwa hiyo usikitegemee kulinda siri.

Kuna tofauti moja inayowachanganya hata wazoefu. Katika Google Docs, yaani maandishi ya kawaida, mtoa maoni anaweza kupendekeza mabadiliko ndani ya sentensi zenyewe, nawe ukayakubali au kuyakataa. Katika Google Sheets hakuna mapendekezo ya namna hiyo. Mtoa maoni akibofya seli yenye bei ya misumari, anaweza kuandika pembeni kwamba Uvira bei imepanda, lakini namba yenyewe hawezi kuigusa. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Uvira kwamba anaweza kupendekeza marekebisho kwenye jedwali, atahangaika kutafuta namna ya kuandika kwenye seli, atashindwa, na atadhani umemnyima.

Kwa upande wa Kalemie, ambako nadhani kuna mtu anayejaza bei za huko, hakuna njia ila kumpa cheo cha « Éditeur ». Lakini si lazima umwachie jedwali zima. Nenda « Données », kisha « Protéger des feuilles et des plages ». Linda karatasi yote, uiondoe kwenye ulinzi ile safu moja tu anayopaswa kuijaza, na ueleze kwamba mwenye ruhusa ya kugusa sehemu zilizolindwa ni wewe peke yako. Akijaribu kuandika nje ya safu yake, jedwali litamkatalia. Ungekuwa umefanya hivi, hata mlango ukiwa wazi kwa watu wote, safu zilizolindwa zisingefutika.

Sasa rudi kwenye « Demander l'accès », maana utaiona tena hata ukiwa umepanga kila kitu vizuri. Sababu kubwa ni akaunti. Umemwandika mtu kwa anwani yake ya ofisini, lakini kivinjari cha kompyuta yake, au simu yake, kimeingia kwa akaunti yake binafsi. Jedwali linamwona kama mgeni. Ukurasa ule wa kuomba ruhusa huonyesha ni akaunti gani inatumika, ila watu hawasomi, wanabonyeza kitufe. Ndiyo maana barua inapaswa kutaja anwani uliyoifungulia.

Ukipokea ombi, usibonyeze kukubali bila kutazama. Angalia anwani inayoomba: ni ya nani? Kama ni anwani binafsi ya mtu unayemfahamu, amua kama unataka afungulie huko au arudi kwenye ya ofisi. Kisha chagua cheo kabla ya kuidhinisha. Bajeti yenye namba za simu za kina mama wa mradi na akaunti za benki haifai kuwa kwenye anwani ambayo kesho mtu atahama nayo kazi.

Jambo jingine la akaunti: anwani isiyo ya Google. Ofisi nyingi hutumia barua pepe za kampuni nyingine. Ukimwandika mtu kama huyo kwenye orodha, anaweza kutakiwa kwanza kufungua akaunti ya Google kwa anwani ile ile kabla hajaruhusiwa kuingia. Wapo watakaokubali, na wapo, hasa wakubwa, watakaoiacha barua yako ilale. Muulize mapema, kwa sentensi moja, anatumia anwani gani kufungulia nyaraka za mtandaoni. Na kama wewe mwenyewe unaandikia ndani ya Gmail, utasaidiwa kidogo: ukibandika kiungo cha faili ambalo mpokeaji hana ruhusa nalo, Gmail hukusimamisha kabla ya kutuma na kukuuliza umpe cheo gani. Watu wengi hupita tu pale. Soma, kwa sababu ukichagua harakaharaka unaweza kufungulia kila mwenye kiungo bila kukusudia.

Basi uchague njia ipi? Ukifungulia kila mwenye kiungo asome tu, hakuna atakayekwama, hakuna atakayehitaji akaunti, na mtandao ukiwa dhaifu hilo ni jambo kubwa. Njia hiyo inafaa tangazo la mkutano, ratiba ya boti, mwongozo wa kujenga kichanja. Haifai bajeti, kwa kuwa barua pepe hupelekwa mbele na anayepelekewa anaingia bila kubisha. Ukiandika watu mmoja mmoja utapata usumbufu wa akaunti siku mbili tatu za mwanzo, halafu utulivu. Kwa jedwali lako ningechukua hii ya pili bila kusita, na chini pabaki « Limité ».

Ila kwa yule mkurugenzi wa Bujumbura, anayetakiwa kusoma tu na kuidhinisha, ningefanya tofauti kabisa: ningemtumia PDF. Jedwali la mtandaoni hubadilika. Akiidhinisha jumla aliyoiona Jumatatu, na Alhamisi mtu wa Kalemie akajaza bei mpya, kiungo kile kile kinaonyesha jumla nyingine, na hakuna anayejua aliidhinisha ipi. Anayeidhinisha anahitaji karatasi iliyosimama, yenye tarehe. Kwenye jedwali nenda « Fichier », « Télécharger », uchague PDF, na jina la faili libebe tarehe. Kiungo unaweza kukiongeza chini kwa anayetaka kufuatilia. Na katika barua hiyo, na hiyo tu, neno « ci-joint » litakuwa mahali pake.

Hapa ndipo penye lile la aliyetafuta kiambatisho. Kwa Kifaransa cha ofisini « ci-joint » ni ahadi kwamba kuna faili limefungamana na barua. Ukiwa na kiungo, andika « Voici le lien vers… » au, kwa heshima zaidi, « Vous trouverez ci-dessous le lien vers… ». Vivyo hivyo « éditer »: ofisini mara nyingi hueleweka kuwa ni kuchapisha au kutoa hati, kama vile kutoa ankara, hata kama skrini ya Google imeandika « Éditeur ». Tumia vitenzi vitatu visivyo na utata: « consulter » kwa anayesoma, « commenter » kwa anayetoa maoni, « modifier » kwa anayebadilisha. Ukivishika hivyo, karibu kila sentensi unayoihitaji unayo.

Ushauri wangu mwingine utakuongezea kazi kidogo: usitume barua moja kwa watu sita wenye vyeo tofauti. Barua inayosema fulani asome, fulani atoe maoni, fulani ahariri, husomwa na kila mtu hadi mstari wa kwanza. Isitoshe, mkurugenzi akisoma mbele ya wote kwamba yeye ni msomaji na mhasibu kijana ndiye anayebadilisha, hatasema kitu, lakini umemgusa. Tuma barua tatu fupi, kila moja kwa kundi lake.

Ya kwanza ni ya mhasibu wa Kalemie. Tuseme umemwandika kuwa « Éditeur », umelinda karatasi yote isipokuwa safu D, na unataka amalize kabla ya tarehe 14 Machi:

```
Objet : Budget des claies de séchage – à compléter avant le 14 mars

Bonjour Madame,

Voici le lien vers le budget prévisionnel :
https://docs.google.com/spreadsheets/d/…/edit

Vous pouvez modifier la colonne D (prix à Kalemie).
Les autres colonnes sont protégées.

L'accès est accordé à votre adresse professionnelle.
Merci d'ouvrir le lien avec ce compte et de ne pas
le transférer.

Bien cordialement,
```

Tazama mpangilio wake. Kichwa cha barua kinataja hati na kazi, kwa sababu barua yenye kiungo pekee na maneno « Bonjour, voici le lien » inafanana sana na barua za matapeli, na mtu mwenye busara hataifungua. Kiungo kiko peke yake kwenye mstari, bila nukta mwishoni. Ukiweka nukta, baadhi ya programu huimeza ndani ya anwani na ukurasa haufunguki. Kisha inafuata haki yake, kwa kitenzi kimoja, pamoja na mpaka wake. Neno kwamba safu nyingine zimelindwa linamwondolea mashaka pale jedwali litakapomkatalia. Atajua ni mpango, si hitilafu.

Kwa mwenzako wa Uvira, ambaye ni « Commentateur », salamu na kiungo vibaki hivyo hivyo. Badilisha sehemu ya katikati:

```
Vous pouvez consulter le tableau et le commenter,
mais non modifier les montants.
Pour laisser une remarque, faites un clic droit
sur la cellule, puis « Commentaire ».
Je reporterai moi-même les corrections retenues.
```

Mstari wa mwisho, unaosema kwamba marekebisho yatakayokubaliwa utayaingiza mwenyewe, ndio unaomtuliza. Mtu akinyimwa kugusa namba bila kuambiwa nani atazigusa, ataanza kukutumia majedwali yake mapya kwa barua pepe, na baada ya wiki mtakuwa na bajeti nne.

Barua ya mkurugenzi ndiyo uliyoiogopa zaidi, nadhani, ulipouliza kuhusu kumkwaza mtu. Siri yake ni kuieleza sababu ya kufunga jedwali, na sababu iwe ni hesabu, isiwe ni yeye:

```
Objet : Budget des claies de séchage – version du 10 mars

Monsieur le Directeur,

Veuillez trouver ci-joint, au format PDF, le budget
arrêté au 10 mars.

La version en ligne reste consultable ici :
https://docs.google.com/spreadsheets/d/…/edit

Afin de préserver les chiffres validés, elle est
ouverte en lecture seule. Je vous saurais gré de
m'adresser vos observations par retour de courriel.

Je vous prie d'agréer, Monsieur le Directeur,
l'expression de mes salutations distinguées.
```

Salamu hizo ndefu za mwisho si mapambo. Katika barua za ofisi kwa mkurugenzi, kumalizia kwa « Cordialement » tupu kunaweza kuonekana kama kumzoea. Kwa Uvira na Kalemie mnaoandikiana kila wiki, « Bien cordialement » inatosha kabisa. Na kumbuka, kabla ya kutuma hii, mwandike mkurugenzi kwenye orodha kuwa « Lecteur », vinginevyo ile sentensi ya « consultable » itakuwa si kweli. Unapomwandika, Google huweka alama kwenye « Envoyer une notification » na kumtumia barua yake yenyewe. Iondoe alama hiyo, ili apokee barua moja, ya kwako, yenye maneno yako. Mbili zikifika pamoja hufungua ile isiyo na maelezo. Ila hilo lifanyike kwa mwenye akaunti ya Google. Kwa asiye nayo ule ujumbe ndio unaomwelekeza, kwa hiyo acha alama ilivyo.

Kwa wale wanne waliokwama na huyu aliyekosa kiambatisho, anza barua kwa mstari mmoja wa kufuta ile ya kwanza: « Ce message annule et remplace mon précédent envoi. » Usieleze historia yote ya safu iliyopotea.

Kabla ya kubonyeza kutuma, jaribu mlango wako. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, lile linaloitwa « navigation privée », ambalo halikumbuki akaunti yako, ubandike kiungo. Kama umepanga « Limité », unapaswa kuombwa uingie kwa akaunti. Kama jedwali linafunguka moja kwa moja, jua bado liko wazi kwa dunia nzima na urudi kwenye « Accès général ». Jaribio hili halikuonyeshi atakachokiona mtu uliyemwandika kwa jina. Kwa hilo mwombe mmoja wao afungue mkiwa kwenye simu, akusomee kilicho juu ya skrini yake.

Kagua pia folda. Kama jedwali liko ndani ya folda ambayo mwaka juzi uliishirikisha na watu kwa haki ya kuhariri, watu hao wanahariri jedwali hata kama hujawaandika upya. Fungua « Partager » ya jedwali lenyewe usome orodha yote ya majina. Ukikuta jina usilolitarajia, mara nyingi limeingia kupitia folda.

Ikitokea siku moja wenzako wakakutumia faili la Word au Excel lililo kwenye OneDrive, usihamishe kanuni zote hizi kama zilivyo. Huko haki hufungwa ndani ya kiungo kinapoundwa, kwa hiyo faili moja linaweza kuwa na kiungo cha kusoma na kingine cha kuhariri kwa wakati mmoja. Kosa la huko ni kubandika kiungo cha kuhariri kwenye barua ya msomaji. Unapotunza viungo viwili, andika kandokando yake kipi ni kipi, na usinakili kutoka kwenye barua uliyomtumia mtu mwingine.

Kuna mahali ambapo mimi na wewe hatutafika kwa maandishi. Ukibonyeza kumwandika mtu wa nje na ukaambiwa kwamba shirika lako haliruhusu, huo ni uamuzi wa msimamizi wa akaunti za ofisi. Mfuate ana kwa ana, mweleze anwani unazozihitaji na kwa kazi gani, usizunguke kwa kulihamishia jedwali kwenye akaunti yako binafsi. Mfuate pia ukigundua kwamba mwenye faili, yule aliyetajwa kwenye orodha kuwa « Propriétaire », ni mfanyakazi aliyekwisha kuondoka: akaunti yake ikifutwa, jedwali linaweza kwenda nayo. Na kwa kuwa jedwali lako lilikaa wazi usiku mzima, kama ndani yake mlikuwamo namba za simu au akaunti za benki za kina mama, mwambie kiongozi wa shirika leo hii, kisha wanachama wenyewe waambiwe wawe macho na mtu yeyote atakayewapigia simu akijifanya anatoka kwenye mradi.